Invoisi imeenda na VAT ya asilimia 16, meseji ya kurekebisha unaiandikaje?

Mimi nawatunzia hesabu wafanyabiashara wadogo wadogo hapa Arusha, wengi wao mafundi na wauza vifaa, na kitu ninachotumiwa sana wasap ni "hebu niangalizie hii meseji kabla sijaituma". Mara nyingi ni meseji ya kudai hela, ila zinazonikalisha chini ni zile za kurekebisha kodi kwenye invoisi ambayo mteja keshaipokea, manake hapo ukikosea neno moja mteja anaona unamuongezea bei kwa mlango wa nyuma.

Kosa lenyewe huku kwetu lina sura yake. Namanga iko pale tu, watu wanapeana templeti za eksel na jamaa zao wa Nairobi, na Kenya VAT ni asilimia 16. Huku Bara ni 18, Zanzibar 15. Mtu anabadilisha jina la kampuni, anaweka logo yake na TIN yake, safi kabisa, lakini kule ndani ya seli kuna `=E12*0.16` na hakuna anayeifungua kuiangalia. Najua kuna atakayesema mbona siku hizi na Bara kuna 16, ni kweli, Sheria ya Fedha ya 2025 iliileta, ila ile ni ya mnunuzi ambaye hajasajiliwa VAT na analipia kwa benki au kwa mtandao. Ukimuuzia kampuni yenye VRN, yaani namba ya usajili wa VAT, unabaki kwenye 18 yako.

Sasa kisa. Kuna dada ana karakana ya fanicha Sakina, alipata oda ya lodji moja ya Karatu, viti 40 kwa 85,000 na meza 10 kwa 260,000. Viti ni 3,400,000, meza 2,600,000, jumla shilingi 6,000,000 kabla ya VAT. Templeti ikampa VAT 960,000 na jumla 6,960,000, akatuma, lodji wakalipa nusu kama advansi, 3,480,000, naye akawakatia risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, kama inavyotakiwa.

Risiti ndiyo iliyoumbua mambo. Mashine ya EFD haina habari na templeti yako, ukiingiza hela kwenye daraja A, lile la bidhaa za asilimia 18, inahesabu kodi yenyewe na inachukulia kwamba kodi imo humo humo ndani. Kwa hiyo risiti ya 3,480,000 ilitoka na kodi 530,847.46, wakati kwenye invoisi nusu ya VAT ni 480,000. Mhasibu wa lodji akaviweka viwili pembeni, akauliza kwa ufupi tu, "Dada, hii VAT mbona haifanani?" Ukipata swali la namna hiyo usikimbilie kuifuta risiti, risiti iko sawa kwa hela iliyopokelewa, chenye shida ni invoisi.

Dada akanitumia rasimu yake, hii hapa kama ilivyokuwa:

> Habari boss, samahani sana sana kwa usumbufu, kuna kakosa kadogo kwenye ile invoisi upande wa VAT, TRA wamebadilisha rate kwa hiyo mtaongeza kidogo tu 2%, total mpya ni 7,099,200, naomba mmalizie wiki hii maana mbao zimepanda. Asante na samahani tena.

Anzia kwenye namba kabla ya maneno, manake maneno mazuri juu ya hesabu mbovu ni kazi bure. Ile 7,099,200 imetoka wapi? Alichukua 6,960,000 akaongezea asilimia 2. Hapo kashatoza kodi juu ya kodi. Tofauti ya 16 na 18 inapigwa kwenye bei ya kabla ya VAT, yaani 6,000,000, na asilimia 2 yake ni 120,000, sio 139,200. Mimi sipendi hata hiyo njia ya mkato ya asilimia 2, napenda mtu arudi mwanzo kabisa: 6,000,000 mara 0.18 ni 1,080,000, jumla mpya 7,080,000. Ondoa advansi 3,480,000, linabaki deni la 3,600,000. Na uzuri ni kwamba unaweza kujihakiki. Risiti ya pili ikikatwa ya 3,600,000 itatoa kodi kiasi gani? Piga, 3,600,000 gawa kwa 118 mara 18, ni 549,152.54, ukijumlisha na ile 530,847.46 ya kwanza unapata 1,080,000 kamili bila senti kupotea. Risiti mbili zikikubaliana na invoisi mpya namna hiyo, mhasibu wa upande wa pili hana swali tena.

Kabla hujasema "mtaongeza" kuna karatasi moja lazima uifungue, nayo ni kotesheni au LPO, yaani ile oda ya manunuzi anayokupa mteja. Kotesheni ya huyu dada ilisema wazi shilingi milioni sita, VAT itaongezwa, kwa hiyo ana haki ya kudai ile 120,000. Ingekuwa imeandikwa bei ni pamoja na VAT, stori inabadilika kabisa, nitaigusa huko chini.

Tuje kwenye maneno sasa. "TRA wamebadilisha rate" nilikata kwanza kabisa. Sio kweli, na unayemwandikia ni mhasibu, anapeleka ritani ya VAT kila mwezi kabla ya tarehe 20, unamdanganya mtu wa kazi yake. "Kakosa kadogo" na "kidogo tu" nazo nikatoa, laki na ishirini kama ni ndogo au kubwa muachie mwenye kulipa aamue. Mbao kupanda hazihusiani, na mbaya zaidi zinampa mtu wazo kwamba VAT ni kisingizio na sababu yenyewe ni mbao. Samahani mbili kwenye meseji ya mistari minne ni nyingi, moja inatosha na ikae karibu na kosa lenyewe. Halafu angalia kinachokosekana: namba ya invoisi haipo, rate ya zamani haipo, rate mpya haipo, advansi haijatajwa, deni lililobaki mtu akalitafute mwenyewe. Mhasibu ana invoisi za mboga, dizeli, maji na vitanda mezani, ukimwambia "ile invoisi" atakujibu "ipi?" na siku imeisha.

Na "boss" ikaondoka pia. Huyu mhasibu ni mama wa makamo na walishazoea kuitana dada kwenye simu, kwa hiyo tukaacha hivyo hivyo, ukiwa rasmi ghafla mtu anaanza kuhisi kuna ugomvi.

Nilichomrudishia ni hiki:

> Habari za kazi dada. Nakuandikia kuhusu Invoisi Na. 047 ya viti na meza. Ulivyouliza ni sahihi, VAT kwenye invoisi ilihesabiwa kwa asilimia 16 badala ya 18, samahani kwa hilo. Bei za bidhaa hazijabadilika.
>
> Bei kabla ya VAT: 6,000,000
> VAT 18%: 1,080,000 (awali 960,000)
> Jumla sahihi: 7,080,000 (awali 6,960,000)
> Advansi mliyolipa: 3,480,000
> Deni lililobaki: 3,600,000
>
> Risiti ya EFD ya advansi iko sahihi, haibadiliki. Nimeambatanisha Invoisi Na. 047-R1 inayochukua nafasi ya 047, naomba ile ya kwanza msiitumie. Kama LPO nayo inahitaji kurekebishwa upande wenu niambie nisubiri.

Sentensi ninayoipenda hapo ni "bei za bidhaa hazijabadilika", imekaa kabla ya namba makusudi, ili jicho likifika kwenye 7,080,000 liwe limeshajua ongezeko limetoka wapi. Na ile ya LPO sio adabu tu, LPO ya lodji ilikuwa na jumla ya 6,960,000, na mhasibu hawezi kulipa zaidi ya LPO bila meneja kusaini upya, sasa ukimwambia "lipa wiki hii" unamuomba kitu ambacho hana uwezo nacho.

Dada aliniuliza kwa nini tusimwambie mhasibu kwamba hiyo 120,000 ataidai kwenye ritani, kwa sababu lodji imesajiliwa VAT na kodi ya manunuzi wanaitoa kwenye kodi ya mauzo yao. Ni kweli kabisa, na ndiyo maana ongezeko hili haliwaumi kama linavyoonekana. Ila mhasibu anajua. Kumwandikia ni kama kumfundisha kazi. Meneja akipiga simu kulalamika, hapo ndipo useme, kwa mdomo.

Invoisi mpya yenyewe usiifanyie ujanja wa kufungua PDF ya zamani, kubadilisha namba mbili na kuituma tena na namba ile ile 047. Kwao zitakuwa karatasi mbili zenye namba moja na jumla tofauti, na mkaguzi akizikuta ni maswali. Weka R1 au namba mpya kabisa, tarehe ya siku unayoitoa, na mstari mmoja unaosema inachukua nafasi ya ipi. Halafu rudi kwenye ile seli ya 0.16 uibadilishe leo leo, kabla ya oda inayofuata.

Sasa ile stori nyingine, ya bei iliyokubaliwa pamoja na VAT, au mteja amekataa katakata kuongeza na wewe umeamua kumezea. Jumla inabaki 6,960,000 lakini kodi ndani yake ni ya 18. Gawa kwa 1.18, bei yako kabla ya VAT inashuka kuwa 5,898,305.08 na VAT ni 1,061,694.92. Kwa hiyo hapo unapoteza 101,694.92 kwenye bei yako, sio 120,000 kama wengi wanavyodhani, na hiyo ndiyo namba ya kuiweka kichwani ukiwa unajadiliana. Invoisi bado lazima itoke upya kwa sababu mgawanyo umebadilika, na meseji inakuwa fupi zaidi: "Jumla inabaki 6,960,000 kama tulivyokubaliana, kilichobadilika ni mgawanyo wa bei na VAT kwa asilimia 18, deni lililobaki ni 3,480,000." Bei ya kiti kimoja nayo usiisahau kuishusha kwenye mstari wake, 85,000 haiwezi kubaki 85,000 hapo, manake mhasibu akizidisha kwa 40 jumla haitakubali.