Maswali na majibu: Rekodi ya saa mbili, notsi za kurasa sita

Shikamoo. Mhadhara wa saa mbili ufupishwe mpaka kurasa ngapi? (Makorora)

Marahaba. Tano au sita.

Naanza juu ya nakala iliyonukuliwa kutoka kwenye rekodi, nafupisha aya moja moja. Jioni mbili zimepita na sijafika hata nusu. Nakosea wapi? (Muheza)

Unafupisha kabla hujajua mhadhara umepangwaje. Saa mbili za kuzungumza ni maneno kama 12,000 hivi, na mengi ni marudio. Mhadhiri analisema jambo, anaona nyuso hazijaelewa, analisema tena kwa njia nyingine. Ukienda aya kwa aya unafupisha na marudio, na jambo moja linatokea mara tatu kwenye notsi zako kama mambo matatu.

Pitia nakala yote mara moja bila kuandika sentensi hata moja. Weka alama tu pale anapogeuza mada. Wahadhiri wetu hawafichi mageuzo: "haya", "sasa tuje kwenye", "tukiachana na hilo", "turudi nyuma kidogo". Bonyeza Ctrl+F, utafute maneno hayo, na kila unapoyakuta andika dakika na maneno mawili matatu ya mada.

Nimeipitia hivyo nakala ya mhadhara wa mkonge uliyonitumia. Dakika 9 za mwanzo ni mahudhurio. Kutoka hapo hadi dakika ya 31 ni mkonge ulivyofika pwani yetu. Kisha mmea wenyewe hadi dakika ya 58, kisha kiwanda hadi saa moja na dakika 20. Baada ya hapo mwanafunzi anauliza swali na mhadhiri anarudi kwenye mmea kwa dakika 14 nzima. Zilizobaki ni soko na maelekezo ya mtihani.

Zile dakika 14 ndizo zinazowapoteza wengi. Mnaziweka mwishoni chini ya kichwa "Maswali", kwa kuwa ndiko zilikotokea. Zihamishieni kwenye mmea. Anayesoma usiku wa kuamkia mtihani anatafuta mmea, hatafuti dakika.

Na vichwa viseme kitu. "Historia" hakimwambii msomaji lolote. Andika "Mkonge ulivyoletwa Kikogwe, 1893", kisha mistari mitatu chini yake: Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, vikapitia Hamburg, vikapona 62, vikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Mhadhiri alitumia dakika 22 kuyasema hayo, na alikuwa na haki, kwa sababu alikuwa anafundisha. Wewe unaandika notsi.

Fasili nichukue kwenye kamusi au kwa mhadhiri? (Chumbageni)

Kwa mhadhiri. Kamusi ni ya kuhakiki tahajia na ngeli. Mtihani anautunga yeye, na neno analitumia kwa maana ya somo lake.

Shida ni kwamba mhadhiri hasemi fasili nzima mahali pamoja, anaimwaga vipande vipande. Chukua neno "mlingoti" katika nakala hiyohiyo ya mkonge. Dakika ya 38 anasema: "ule unaopanda juu kama nguzo, mnauona mkipita barabarani." Dakika ya 47: "ukishatoa mlingoti, basi, mmea umekwisha, unakufa." Saa moja na dakika 26, akijibu swali: "vile vitoto vya juu ndivyo tunavyopeleka kitaluni." Aliyeandika ya kwanza peke yake ameandika kwamba mlingoti ni kitu kirefu. Hiyo si fasili.

Tafuta neno lenyewe nakala nzima, kusanya vipande vyote, kisha vipange: kwanza kitu hicho ni cha aina gani, halafu kinatofautianaje na vingine vya aina hiyo. Inatoka hivi:

*Mlingoti: shina la maua ambalo mmea wa mkonge hulitoa mara moja tu, mwishoni mwa maisha yake, juu yake huota vichipukizi vinavyokuzwa kitaluni, na baada yake mmea hufa.*

Weka na dakika zote tatu pembeni, ili ukibishiwa ujue pa kurudi. Fasili zenyewe zisizidi 12 kwa mhadhara mmoja. Mkinitumia orodha ya maneno 40 najua hamkuchagua, mmeokota kila neno gumu. Neno linastahili fasili ikiwa mhadhiri alilieleza mwenyewe, au kama hoja inayofuata haieleweki bila hilo. Kutafuta "maana yake" na "tunaita" kutakupa mengi ya aina ya kwanza.

Nakala ninayo, rekodi nimeifuta kwa sababu simu imejaa. Si inatosha? (Ngamiani)

Haitoshi, na hili nimeliandika hapa mara nyingi mno. Programu ya kunukuu inakosea, na Kiswahili kina maneno ambayo kosa dogo la sikio linapindua maana yote. Nakala moja niliyoisoma iliandika "mkonge hukua kwenye udongo unaotuamisha maji". Mhadhiri alisema "haukui". Sentensi ya kwanza haina kosa la sarufi hata moja, kwa hiyo jicho linapita. Kingine ni nne na nane. Nyuzi ni kama asilimia nne ya uzito wa jani bichi; nakala ikiandika nane, umeongeza mavuno mara mbili.

Hakuna haja ya kusikiliza saa mbili upya. Sikiliza kila tarakimu, kila jina la mtu au mahali, na kila kitenzi kinachoweza kuwa kikanushi. Ni kazi ya nusu saa. Angalia pia namba ambazo si idadi: ile chotara ya mkonge ya kituo cha utafiti cha Mlingano inaitwa 11648, ni jina, lakini nimeshaikuta imeandikwa kama "miche 11,648".

Rekodi ifutwe baada ya mtihani. Ikiwa simu imejaa, futa video za harusi.

Mhadhiri anachanganya Kiingereza kila sentensi. Nitafsiri yote? (Pongwe)

Maelezo yote yawe Kiswahili. Kwa istilahi, uliza kwanza kama watu wa kazi hiyo wana neno lao. Mhadhiri alisema dikortikesheni mara kumi. Mfanyakazi wa shamba lolote la mkonge Tanga anajua mashine ya korona. Kichwa kiwe "Korona: kutenganisha nyuzi na nyama ya jani", na neno la mhadhiri liingie kwenye fasili mara moja, kwa kuwa kwenye karatasi ya mtihani huenda likatokea hilo. Msibuni maneno mapya. Desa linapita mikono mingi, na neno ulilobuni wewe leo mwakani linakaririwa kama la mhadhiri.

Utani wa mhadhiri niuweke? (Raskazone)

Toa, isipokuwa mfano ukiwa ndani ya utani huo.

Kuna mahali hapasikiki kabisa. Nijazie kwa ninavyoelewa? (Chumbageni)

Usijaze. Nilipokuwa mwanafunzi niliwaandikia wenzangu notsi za darasa zima, na mahali palipokatika nikaandika kwamba vichipukizi vya mkonge hukaa kitaluni miezi sita. Nilidhani ndivyo. Mhadhiri alikuwa amesema mwaka hadi mwaka na nusu. Swali likaja, na wenzangu walioniamini wakaandika miezi sita.

Andika [haisikiki 1:12:40] uendelee. Ukimaliza, chukua mabano hayo yote uende nayo kwa mhadhiri mara moja. Yakiwa matatu au manne, yanajazwa mkiwa mmesimama mlangoni.