Aya moja iliyonitoa jasho: jinsi ninavyoandika taarifa kwa vyombo vya habari

Wiki iliyopita gazeti moja lilichapa aya ya kwanza ya taarifa yangu karibu neno kwa neno. Nililinunua, nikalikunja, nikalipeleka nyumbani kumwonyesha mama. Jina langu halikuwemo, lakini maneno yalikuwa yangu, na ukitaka kujua kwa nini nilifurahi hivyo, nirudi nyuma miaka mitatu.

Shirika nililofanyia kazi wakati huo lilichimba kisima kirefu chenye pampu ya sola katika kijiji kimoja cha wilaya ya Chamwino, Dodoma. Niliandika taarifa ya kurasa tatu na kuituma kwa wahariri kumi na mmoja. Haikutoka popote. Nilipompigia ripota mmoja ninayemfahamu, aliniambia, "Dada, nimesoma aya mbili na bado sijajua kimetokea nini." Mpaka leo sauti ile ninaisikia.

Alikuwa na haki. Kichwa changu kilisema: "Taarifa kuhusu hafla ya makabidhiano ya mradi wa maji safi na salama". Aya ya kwanza ilianza kwa "Kwa furaha na heshima kubwa", ikafuata orodha ya wageni kwa vyeo vyao, kuanzia mkuu wa wilaya. Maji yalijitokeza aya ya nne.

Usiku ule niliketi nikaiandika upya, nikijiuliza swali moja tu: nani amepata nini? Kichwa kikawa: "Wakazi 2,400 Chamwino wapata maji ya kisima". Tazama hilo neno "wapata". Magazeti yetu huandika vichwa hivyo: yafungua, wagoma, apandishwa cheo. Kitenzi kifupi, tendo limeshafanyika. Ukiandika "kuhusu" kwenye kichwa, umetaja mada na habari yenyewe umeiacha nje.

Aya ya kwanza ndiyo iliyonitoa jasho. Nilifika hapa: "Wakazi 2,400 wa kijiji hicho wilayani Chamwino, Dodoma, wameanza kuchota maji kwenye kisima kirefu kilichozinduliwa jana, baada ya miaka mingi ya kuyafuata korongoni umbali wa kilomita 4." (Kwenye taarifa yenyewe jina la kijiji lilikuwepo.) Nani, nini, wapi, lini na kwa nini, vyote vimo ndani ya sentensi moja. Mkuu wa wilaya alishuka hadi aya ya tatu, na mkurugenzi wetu alinuna. Nikamweleza kwamba mhariri akikosa nafasi hukata kuanzia chini, kwa hiyo kilicho juu ndicho kinachopona. Isome aya yako ya kwanza peke yake, ukiwa umeziba zilizobaki kwa mkono. Kama haijitoshelezi, hujamaliza.

Nukuu nazo zilikuwa aibu. Mkurugenzi alikuwa "amefurahi sana", na mfadhili naye "amefurahi sana". Furaha ya namna hiyo hakuna anayeichapa. Nilirudi kwa mkurugenzi na swali: kwa nini sola, si dizeli? Akajibu bila kufikiri: "Pampu ya zamani ilikufa kwa sababu kijiji kilishindwa kununua mafuta. Hatukutaka kurudia kosa lile." Hiyo ndiyo nukuu! Idadi na tarehe ziache kwenye maelezo yako. Mdomo wa mtu ubebe sababu, msimamo au maisha yake. Mama mmoja wa kijijini aliniambia, "Nilikuwa naamka saa tisa usiku, na binti yangu nyuma yangu." Sikugusa neno. Nukuu ya bosi unaweza kumwandalia, mradi aisome na kuikubali kabla haijatoka. Ya mwanakijiji usiipambe kamwe, na mwombe ruhusa kwanza. Ndugu zangu maofisa habari, tuache kuwatungia watu maneno wasiyoyasema. Ripota akimpigia uliyemnukuu na yeye akakana, umekwisha, wewe na shirika lako.

Mwisho kabisa inakuja "Kuhusu shirika". Yangu ilikuwa ukurasa mzima wa dira, dhamira na maadili ya msingi. Nilibakiza sentensi tatu: sisi ni shirika lisilo la kiserikali, tunafanya kazi mikoa gani tangu mwaka gani, na tunafanya nini hasa. Neno "linaloongoza" nilifuta, maana hakuna ripota atakayelinakili. Aya hiyo hutumika ile ile kwenye kila taarifa, lakini ipitie kila mara: niliwahi kutuma yenye idadi ya mikoa ya miaka miwili nyuma, na redio moja ikaisoma hivyo hivyo hewani. Chini yake weka jina la mtu mmoja na namba ya simu inayopokelewa, hata saa mbili usiku, wakati mhariri anafunga ukurasa na anataka kuhakikisha kama ni kilomita 4 au 14.