Tanuri dogo la mikate: mkate wa ngapi ndio unaanza kukulipa?

Tuchukue tanuri la kuni linalooka mfuko mmoja wa unga wa kilo 50 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, na kuuza kwa maduka ya jirani kwa shilingi 1,000 mkate. Bei zote hapa ni za mfano. Weka za kwenu, hesabu haibadiliki.

Kwanza tenga gharama. Kipimo chepesi: ukifunga tanuri wiki nzima, nani bado atakudai? Mwenye nyumba atadai kodi yake 300,000. Mwokaji na msaidizi wanaolipwa kwa mwezi watadai 550,000. Mlinzi, leseni na mengineyo madogo, 125,000. Hizo ni gharama za kudumu. Ongeza moja ambayo haina mdai, ndiyo maana husahaulika: uchakavu. Tanuri na mashine ya kukandia vya milioni 9, vikidumu miaka 5, vinakula 150,000 kila mwezi. Jumla 1,125,000. Na wewe mwenyewe ukisimama pale kutwa, jiandikie mshahara humo humo, la sivyo "faida" utakayoiona ni jasho lako tu. (Katika mfano huu mwenye tanuri ndiye mwokaji.)

Gharama zinazobadilika ni zile zinazoingia ndani ya mkate. Kwa mfuko mmoja: unga 80,000, sukari kilo 3 kwa 9,000, mafuta kilo 2 kwa 12,000, hamira nusu kilo 8,000, chumvi kilo moja 1,000, vifungashio 9,000, kuni 16,000. Jumla 135,000.

Sasa mikate mingapi inatoka? Hapa wengi hukisia, na ndipo hesabu inapoharibikia. Pamoja na lita 30 za maji, kinyunya kinafika kilo 86 na nusu. Mkate wa gramu 400 hukatwa gramu 460 hivi, kwa sababu maji hupotea motoni. Kwenye karatasi ni mikate 188. Ukitoa kinyunya kinachoganda kwenye mashine na mikate inayoharibika, shika 180. Kata kwa mizani, si kwa jicho. Mkono ukizidisha gramu 20 kila donge, mikate saba au minane imeyeyuka na hakuna aliyeiba.

135,000 ukigawa kwa 180 ni shilingi 750 kwa mkate. Ukiuza 1,000, inabaki 250. Hiyo 250 bado si faida; ni mchango wa mkate mmoja katika kulipa ile 1,125,000. Gawa 1,125,000 kwa 250, unapata mikate 4,500 kwa mwezi. Hapo hupati faida wala hasara. Kwa siku ni mikate 174, wakati unaoka 180. Mwezi mzima ukiuza yote 4,680, faida ni ile mikate 180 iliyozidi 4,500, mara 250, yaani 45,000. Tanuri lina moshi kutwa, foleni ya bodaboda mlangoni, na faida ni hiyo.

Angalia kinachotokea maduka yakirudisha mikate 10 kwa siku. Wengi husema "tumepoteza 250 mara 10". Sivyo. Unga ulishaliwa, kuni zilishaungua. Kila mkate uliorudi umekunyima shilingi 1,000 nzima. Mfuko sasa unaingiza 170,000, na ukitoa 135,000 inabaki 35,000. Mara 26 ni 910,000. Mwezi unafunga kwa hasara ya 215,000, kwa mikate 10 tu kati ya 180. Ili usawazishe kwa mwendo huo utahitaji mifuko 33 badala ya 26.

Je, uoke nusu mfuko siku za mauzo madogo? Hapo kuni zinakuumbua. Sehemu kubwa ya kuni hupasha matofali kabla hata trei ya kwanza haijaingia. Tuseme 10,000 ni za kupasha na 6,000 za kuendeleza moto. Nusu mfuko utakula kuni za 13,000, si 8,000, na mkate utagharimu 805 hivi badala ya 750. Mchango umeshuka hadi 195, na mikate imekuwa 90.

Hata hivyo, ukijua mikate 20 itarudi kesho, afadhali upunguze kidogo: mkate ambao hukuuoka unaokoa karibu 660 za malighafi na kifungashio, na mkate uliorudi hauokoi kitu. Kwa hiyo daftari la marejesho, duka kwa duka na siku kwa siku, liandikwe kabla ya mwokaji kupima unga wa usiku. Duka linalorudisha mitano kila Jumatatu lipelekewe pungufu ya mitano Jumatatu.