Kabla hujanunua kopo la kuongeza testosteroni, ligeuze usome nyuma

Kwenye duka la dawa ninakofanyia kazi, wanaoulizia vidonge vya kuongeza testosteroni, yaani homoni ya kiume, ni wa aina mbili: kijana wa jimu anayetaka misuli, na mzee wa makamo anayesubiri wateja wengine watoke ndipo aseme shida yake kwa sauti ya chini. Wote nawageuzia kopo. Mbele kuna picha ya simba au kifua cha mtu. Viambato vimeandikwa nyuma, kwa herufi ndogo.

Mara nyingi utakuta Tribulus terrestris. Mmea wenyewe ni mbigili, ule unaotambaa pembeni mwa njia na kutoboa kandambili. Sifa yake ya homoni ilivuma kutoka Bulgaria, ambako ulitengenezewa kidonge kilichouzwa kwa jina la Tribestan. Lakini watafiti wa Bulgaria hao hao walipowapa vijana wenye afya dondoo lake kwa wiki 4, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2005, testosteroni haikusogea. Miaka miwili baadaye ikawa zamu ya wachezaji wa raga wa Australia. Waliokunywa mbigili na waliokunywa kidonge kitupu kisicho na dawa ndani waliongeza nguvu sawasawa, kwa sababu wote walikuwa mazoezini.

Kiambato cha pili kina hadithi nzuri zaidi, maana hiki kweli kiliwahi kufanya kazi. Ni asidi ya D-aspatiki. Mwaka 2009 watafiti wa Italia waliwapa wanaume takriban gramu 3 kwa siku, kwa siku 12, na testosteroni ikapanda kwa asilimia 42 hivi. Namba hiyo ndiyo wauzaji wanayoitembeza mpaka leo. Wasichokueleza ni kilichofuata. Mwaka 2013 wanaume waliozoea kunyanyua vyuma walipewa gramu 3 kwa siku 28, na hakuna kilichobadilika. Mwaka 2015 wengine wa aina hiyo wakapewa gramu 6, testosteroni yao ikashuka. Yaani mteja anayelengwa na tangazo, kijana wa vyuma, ndiye hasa ambaye kwake haikufaa.

Sababu mojawapo ni namna mwili unavyojiendesha. Ubongo hupima testosteroni iliyomo kwenye damu, na kupitia tezi ya pituitari huagiza korodani zitengeneze zaidi au zipunguze. Ni kama boya la tangi: maji yakifika juu, koki inajifunga. Kwa hiyo kwa mwanamume mzima, hata kitu kinachosukuma kidogo hurudishwa.

Zinki ndiyo inayostahili heshima kidogo. Vijana waliolishwa chakula chenye zinki kidogo kwa wiki 20, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1996, testosteroni yao ilianguka vibaya. Na wazee waliokuwa na upungufu walipopewa zinki, yao ikapanda. Hapo lebo haisemi uongo, ila inamsema mtu mwingine. Mwanamume anahitaji miligramu 11 kwa siku, na anayekula nyama, dagaa na maharage kwa kawaida anazipata. Ukipita miligramu 40 kila siku kwa muda mrefu, zinki inazuia mwili kufyonza madini ya shaba, na unaweza kuishia na upungufu wa damu au ganzi miguuni.

“Lakini mimi nilimeza, na usiku uleule nikaona tofauti,” aliwahi kuniambia mteja mmoja. Sikumbishia. Nilimuuliza kama ana presha au anatumia dawa za moyo, kwa sababu mbigili haifanyi kazi kwa saa moja. Kinachofanya kazi kwa saa moja ni sildenafili, dawa ya nguvu za kiume iliyomo kwenye Viagra, na mamlaka za dawa zimeikuta mara nyingi imefichwa ndani ya bidhaa zinazojiita za asili. Hiyo haipandishi homoni, inafungua mishipa ya damu. Mtu anayetumia dawa za naitreti kwa maumivu ya kifua akiimeza bila kujua, presha inaweza kuporomoka hadi kumuua.

Kama una dalili za kweli, hamu imepotea, unachoka, asubuhi uume hausimami ulivyozoea, peleka hela ya kopo maabara. Damu itolewe asubuhi, kabla ya saa 4, kwa sababu jioni kiwango hushuka chenyewe. Kipimo kimoja hakitoshi. Kikiwa chini, kirudiwe siku nyingine. Madaktari wengi huanza kushuku upungufu kikiwa chini ya nanogramu 300 kwa desilita, na dalili ziwepo. Kisukari, unene na kukoroma usingizini huku pumzi ikikatika navyo vinashusha testosteroni, kwa hiyo viangaliwe. Na kama bado unatafuta mtoto, mwambie daktari kabla hujakubali sindano ya testosteroni: ubongo ukiiona hiyo ya nje hunyamazisha korodani, na mbegu zinaweza kupungua hadi kuisha.