Picha za Bwindi, Murchison na Jinja katika albamu moja

"Habari zenu wakubwa. Picha zangu za Bwindi, Murchison na Jinja nimezipitisha zote kwenye filta moja, lakini bado kila moja ina rangi yake. Nifanyeje?"

Ndugu, filta imepakwa juu ya picha ambazo tayari zinatofautiana. Mizani ya weupe, yaani kipimo cha kamera cha rangi ya mwanga, ikiwa otomatiki, kamera hukisia upya kila unapobonyeza. Kwenye msitu wa Bwindi, mwanga hupenya majani kwanza, ndiyo maana nyuso zinatoka na ukijani.

Sawazisha kabla ya filta. Kama ulipiga kwa RAW, yaani faili ghafi la kamera, picha zote za jua la mchana ziwekee mizani ya weupe karibu na 5500 K. Kwa za Bwindi, sogeza Tint, kitelezi cha kijani na waridi, taratibu kuelekea upande wa waridi hadi ngozi ya mwenzako ifanane na ilivyo pale Jinja, kisha punguza ukolezi wa kijani peke yake. Jioni ya Murchison iachie dhahabu yake. Ukiifuta inakuwa mchana wa uongo.

Sasa nakili filta kwenye picha zote, bila mwangaza wala mizani ya weupe. Zitazame zote zikiwa ndogo kwenye skrini moja. Inayokurukia machoni, irudie. Za JPEG hazivumilii sana: ukizivuta mno, anga linapasuka mistari.