Maswali na majibu: Kampuni ikipanga nyumba, mpangaji ni nani?

*Meneja wetu wa utumishi alisaini mkataba wa nyumba ya wafanyakazi. Kampuni imekwama kifedha na sasa mwenye nyumba anamdai yeye kodi ya miezi mitatu. Ni halali?*

Inawezekana kabisa, na nakala mliyonitumia inanitia wasiwasi. Kwenye nafasi ya mpangaji limeandikwa jina la meneja, likafuatwa na "wa kampuni" ya fulani. Hilo neno "wa" ndilo lililomponza. Linaeleza anakofanya kazi tu, halisemi kwamba kampuni ndiyo inayopanga. Chini kabisa amesaini bila cheo, bila "kwa niaba ya", bila muhuri. Anayeusoma mkataba huo bila kuwajua atasema mpangaji ni yeye.

Ilipaswa mpangaji awe kampuni yenyewe, kwa jina lake kamili kama lilivyo kwenye cheti cha usajili (si lile la kwenye kibao cha mlangoni), pamoja na namba ya usajili na anwani ya ofisi. Kwenye saini: "Kwa niaba ya" kampuni, kisha jina la anayesaini, cheo chake na tarehe. Azimio la bodi au barua inayomruhusu kusaini iambatishwe.

Meneja bado ana pa kushika. Kodi ya miezi tisa ya mwanzo ilitoka kwenye akaunti ya kampuni, stakabadhi zimeandikwa jina la kampuni, na barua za mwenye nyumba zilielekezwa kwa kampuni. Huo ni ushahidi kwamba pande zote zilijua mpangaji ni nani. Akusanye karatasi hizo sasa, kabla ofisi haijafungwa, aende nazo kwa wakili. Asilipe hata mwezi mmoja mfukoni mwake "kutuliza mambo", maana malipo hayo yatageuzwa ushahidi dhidi yake.

*Mwenye nyumba anataka mkurugenzi asaini mara mbili, ya pili bila cheo. Kuna ubaya?*

Saini ya pili ni dhamana binafsi: kampuni ikishindwa, anadaiwa yeye. Namwelewa mwenye nyumba, hasa kama kampuni ni changa na haina mali. Lakini mkikubali, wekeni kikomo cha kiasi, tuseme kodi ya miezi mitatu, na andikeni siku dhamana itakapokoma. Bila hivyo, mkurugenzi anaweza kujiuzulu leo na deni la mwakani likamfuata.

*Majina ya wafanyakazi watakaokaa tuyaandike wapi?*

Popote isipokuwa kwenye nafasi ya mpangaji. Naulizwa hili kila mara, na kila mara na mtu ambaye tayari ameyaandika hapo ili "watambulike". Ukimwandika dereva wako kama mpangaji mwenza, umempa haki ya kubaki hata baada ya kuacha kazi, na umembebesha kodi ya nyumba nzima.

Wakaaji waandikwe kwenye kiambatisho: jina, namba ya kitambulisho, chumba, na idadi ya watu wa familia watakaokuwa naye. Ndani ya mkataba liwepo sharti kama hili: "Nyumba itakaliwa na watumishi wa mpangaji waliotajwa kwenye Kiambatisho A. Mpangaji anaweza kubadilisha mkaaji kwa kumwarifu mwenye nyumba kwa maandishi siku saba kabla." Sharti hilo lisipokuwepo, mhasibu akihama na fundi akaingia chumbani mwake, mwenye nyumba anaweza kudai kwamba mmepangisha watu wengine bila idhini, na akataka mkataba mpya wenye kodi mpya.

Halafu kuna karatasi ya pili ambayo wengi huisahau: barua kati ya kampuni na mfanyakazi. Iseme anakaa kwa sababu ya ajira, kampuni ndiyo mpangaji, na kazi ikiisha atatoka ndani ya siku kadhaa zilizotajwa. Hata kwa barua hiyo, msibadilishe kitasa wala kutupa godoro lake nje. Sheria za nchi nyingi zinataka notisi, na akigoma, amri ya mahakama.

*Mfanyakazi akivunja sinki, nani analipa?*

Mwenye nyumba anailipisha kampuni. Kampuni itamgeukia mfanyakazi ikiwa barua yake inaruhusu, na isimkate mshahara bila ridhaa yake ya maandishi. Na kama hamkupiga picha siku ya kuingia, mtathibitishaje kwamba sinki lilikuwa zima?

*Tumeelewana kwa simu na tumeshalipa amana. Mkataba wa nini tena?*

Amana ilitoka kwenye akaunti ya nani, na stakabadhi ina jina la nani? Ukishindwa kunijibu hilo, rudi kwenye swali la kwanza.

*Mita ya umeme isajiliwe kwa jina la mkaaji?*

Hapana. Akiondoka na deni, atakayekaa gizani ni mwenzake anayefuata.