Barua kwa mwanangu: salamu za kufungua hafla

"Mama, mshereheshaji wa hafla ya kukuaga Jumamosi anasema utapewa dakika tatu za kusalimia watu kabla ratiba haijaanza. Utaanza na nani, na utasema nini? Au nikuandikie?"

Mwanangu,

Usiniandikie, nichapie tu kwa herufi kubwa. Maneno nimeshayapanga. Pale mwanzoni sitoi hotuba. Kuna risala ya walimu, neno la wanafunzi wa zamani, mgeni rasmi, zawadi, ndipo nami nitoe shukrani. Nikianza kushukuru mapema, mwishoni nitarudia yaleyale huku watu wanaangalia masufuria ya pilau.

Kilichoniumiza kichwa ni hapo pa kutaja watu. Mheshimiwa Diwani nilimfundisha darasa la tatu, na tukikutana mtaani ananiamkia shikamoo, naitikia marahaba mwanangu. Jumamosi lakini atakuwa meza kuu, na kiti kile kina heshima yake. Nitamtaja wa kwanza, tena kwa cheo. Nikimwita lile jina lake la utani la darasani, watu watacheka sana, ila nitakuwa nimemshusha mbele ya wapiga kura wake. Anafuata Mwalimu Mkuu, kisha mwenyekiti wa kamati ya shule. Waliobaki nawataja kwa makundi. Nilishahudhuria hafla moja mstaafu akasoma majina robo saa nzima, na bado akamruka mpishi wa shule, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia mkononi. Ukitaja kumi, wa kumi na moja ananuna. Na hiyo "itifaki imezingatiwa" sitaisema. Naiona ni ya mtu aliyeshindwa kuipanga.

Halafu kuna shikamoo. Mwalimu mkuu aliyenipokea nilipotoka chuoni yupo, na ameahidi kuja. Siwezi kusimama mbele yake kama vile pale hakuna aliyenizidi umri. Tena nikisema shikamooni kwa wote, nitakuwa nawaamkia watoto niliowafundisha kuandika majina yao. Kwa hiyo nitazigawa salamu, na kila moja nitaiacha iitikiwe kwanza. Za dini nimeziacha: ukitoa ya msikitini huna budi kutoa ya kanisani, na makanisa nayo hayana salamu moja.

Chapa hivi:

"Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi; Mwalimu Mkuu; Mwenyekiti wa Kamati ya Shule; walimu wenzangu mlio kazini na mliotangulia kustaafu; wapishi na walinzi wetu; wazazi; na ninyi niliowafundisha.

Wazee wangu, shikamooni.

Walimu wenzangu, habari za mchana?

Na ninyi wa madawatini, hamjambo?

Nawaona waliomaliza darasa la saba mwaka 1996. Mlichimba mashimo ya miarobaini ile nyuma ya ofisi huku mnanung'unika, na leo mmewahi kukaa kivulini kabla ya wageni. Nawaona wa 2008, mliokaa wanne dawati moja. Leo kila mtu ana kiti chake, tafadhali msisukumane. Na wale ambao mwaka wenu sijautaja, nitapita meza kwa meza, mnikumbushe.

Walimu wenzangu, ofisini tumegawana chaki na chai, na mara nyingine tumegombana kuhusu vipindi. Leo hakuna kengele. Kaeni mpaka mwisho.

Mengine nitayasema zamu yangu ikifika. Karibuni sana."

Ukisoma taratibu, pamoja na kungoja maitikio, hazizidi dakika tatu. Pale kwenye "hamjambo" acha mistari miwili mitupu, nisije nikakimbilia mbele. Wale wataitika "Hatujambo, shikamoo mwalimu," na najua wengine watasimama kama darasani, hata wenye mvi. Lazima niwaitikie marahaba na kuwaambia wakae, la sivyo watabaki wima.

Utaona nimewataja kwa mwaka wa kumaliza, sikutaja kazi zao. Nikisema hapa nina daktari, pale nina wakili, yule wa bodaboda aliyeacha abiria kuja kuniaga atajiona amekuja kama mtazamaji. Mwaka wa kumaliza kila mmoja anao. Ila Ijumaa jioni pitia orodha ya waalikwa waliothibitisha kuja. Kama wa 1996 hawaji, badili mwaka na habari yake, maana nikisema "nawaona" halafu kiti kiko kitupu, itakuwa aibu yangu.

Mwambie na mshereheshaji asinisomee wasifu kabla sijasimama. Umo kwenye risala, na walimu wameshinda wiki nzima wakiuandika. Kipaza sauti akijaribu mapema. Kile cha mwaka jana kilipiga mluzi kila mtu alipokisogelea, na sauti yangu siku hizi si ile ya mstarini.

Mama yako